Musa na Khidhri: jahazi, kijana na ukuta

Katika karne ya kwanza ya Hijra, mjini Kufa nchini Iraki, aliishi msimulizi wa visa aliyeitwa Nauf al-Bikali. Alikuwa mtoto wa kambo wa Kaab al-Ahbar, mwanachuoni wa Kiyahudi kutoka Yemen aliyesilimu, na watu walimzunguka kumsikiliza kwa sababu alizijua habari nyingi za mitume wa kale. Nauf alikuwa akiwaambia wasikilizaji wake jambo moja lililowashangaza wengi. Alidai kwamba Musa anayetajwa katika sura ya 18 ya Kurani, yule aliyesafiri kwenda kutafuta mwalimu akaishia kukemewa kama mwanafunzi mgeni, si Musa wa Wana wa Israili. Ni Musa mwingine kabisa.

Said bin Jubair, mwanafunzi hodari wa tafsiri, alilipeleka dai hilo kwa mwalimu wake, Abdallah bin Abbas, binamu yake Mtume Muhammad. Ibn Abbas alighadhibika. Alimwita Nauf mwongo, tena kwa maneno makali kuliko hayo, kisha akasimulia aliyoyapokea kwa sahaba Ubayy bin Kaab, naye Ubayy aliyasikia kwa Mtume mwenyewe. Masimulizi hayo yamo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, na ndiyo yanayojaza nafasi ambazo Kurani imeziacha wazi.

Mtu anaweza kumwonea huruma Nauf. Musa wa kisa hiki si yule aliyesimama mbele ya Firauni bila kutetereka. Huyu anasahau ahadi, anaomba radhi, anasahau tena. Lakini Ibn Abbas aliona kitu ambacho Nauf hakukiona: kisa hakina uzito wowote iwapo msafiri ni Musa fulani tu. Ni lazima awe yule yule aliyepewa sheria, aliyefundisha kwamba nafsi haiuawi bila haki na mali ya mtu haiguswi. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekutanishwa na mtu ambaye, kwa macho ya kawaida, anaivunja sheria hiyo mara mbili ndani ya safari moja.

Kisa kimo katika Sura ya Pango, al-Kahf, kuanzia aya ya 60 hadi ya 82. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kama wenzao kwingineko, huisoma sura hii siku ya Ijumaa, na wasiojua Kiarabu wamekuwa wakiifuata kwa tafsiri kama ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy iliyochapishwa kamili mwaka 1969. Kurani yenyewe haimtaji mwalimu kwa jina. Inamweleza kuwa mja miongoni mwa waja wa Mungu, aliyepewa rehema na kufundishwa elimu itokayo kwa Mungu moja kwa moja. Jina la Khidhri linatoka kwenye hadithi, na hadithi nyingine inaeleza asili yake: alikaa juu ya ardhi nyeupe iliyokauka, ikageuka kijani chini yake.

Chanzo cha safari ni swali moja. Musa alikuwa akiwahutubia watu wake, mmoja akamuuliza ni nani mwenye elimu kuliko watu wote. Akajibu kuwa ni yeye. Kwa hesabu ya kawaida jibu halikuwa la majivuno, kwani nani katika kaumu ile angemshinda mtume? Kosa lake, kwa mujibu wa hadithi, lilikuwa kutosema kwamba Mungu ndiye ajuaye. Akaambiwa kuwa yuko mja mmoja penye makutano ya bahari mbili anayejua asiyoyajua yeye.

Musa hakubisha. Aliuliza njia. Akaagizwa achukue samaki kwenye kikapu, na mahali samaki atakapopotea, hapo ndipo mja huyo alipo. Akaondoka na kijana wake wa kumsaidia, Yusha bin Nuni, huku akisema hatakoma kutembea hadi afike, hata ikimchukua miaka mingi. Walipofika kwenye jabali moja walilala. Samaki, ambaye katika masimulizi ya Muslim alikuwa wa chumvi, tena aliyekwisha kufa, akachurupuka kikapuni, akaingia baharini, na maji yakabaki yamejipinda juu ya njia yake kama tao. Yusha akasahau kumwambia bwana wake. Wakaendelea usiku na mchana, hadi Musa alipoagiza chakula na kulalamika kwamba safari imewachosha. Hadithi inaongeza jambo dogo zuri hapa: Musa hakuonja uchovu wowote mpaka alipokwisha kuipita ile sehemu aliyoagizwa. Wakageuka, wakafuata nyayo zao wenyewe kurudi.

Makutano hayo ya bahari mbili yako wapi? Wafasiri hawakuafikiana tangu mwanzo. Qatada, wa Basra, alisema ni pale bahari ya Fursi inapoelekeana na bahari ya Rumi. Muhammad bin Kaab al-Quradhi aliipeleka mbali, hadi Tanja, kwenye mlango wa bahari ya Mediterania. Katika karne ya 20 Abul Aala Maududi wa Pakistani alipendekeza Khartoum, panapokutana Naili ya Buluu na Naili Nyeupe, na wengine wameelekeza Ras Muhammad, ncha ya kusini ya Sinai. Kurani haikutoa ramani, na kisa hakipungukiwi kitu kwa kukosa ramani.

Walimkuta mtu amejifunika nguo. Musa akatoa salamu, na yule mtu akashangaa kusikia salamu hiyo katika nchi ile. Akauliza kama huyu ndiye Musa wa Wana wa Israili, swali ambalo Ibn Abbas bila shaka alilisimulia kwa kulikazia, maana ndilo lililomzima Nauf. Kisha Khidhri akaeleza kwamba kila mmoja wao ana elimu aliyopewa na Mungu ambayo mwenzake hana. Haikuwa elimu kubwa dhidi ya elimu ndogo. Zilikuwa elimu mbili tofauti.

Musa aliomba ruhusa ya kumfuata ili afundishwe. Khidhri alimtahadharisha kuwa hataweza kusubiri, na akatoa sababu inayostahili kusomwa polepole: mtu atasubiri vipi juu ya jambo asilolijua undani wake? Musa akaahidi subira na utiifu, Mungu akipenda. Khidhri akaweka sharti moja tu. Musa asimuulize kuhusu lolote mpaka yeye mwenyewe aanze kulieleza. Wakakubaliana.

Walikuwa wakitembea ufukweni jahazi likapita. Mabaharia walimtambua Khidhri wakawapakia bila nauli. Shomoro mmoja akaja akatua ukingoni mwa chombo, akatia mdomo wake majini mara moja au mbili, na Khidhri akamwambia Musa kwamba elimu yao wote wawili, ikilinganishwa na ya Mungu, haizidi kile alichokichota ndege yule baharini. Muda si muda Musa alishtuka kumwona mwenzake ameshika tezo na kung'oa ubao wa jahazi lile lile lililowabeba bure. Akapinga papo hapo: watu hawa wamewafanyia hisani, naye anawatoboa chombo wazame? Khidhri akamkumbusha sharti. Musa akaomba asilaumiwe kwa kusahau.

Waliposhuka walimkuta kijana akicheza na wenzake. Khidhri akamuua.

Kurani inaupitisha mkasa huu kwa maneno machache sana, na huenda ndiyo sababu unauma. Musa hakusema tena habari ya kusahau. Alisema kuwa hii ni nafsi isiyo na hatia, haikuua mtu, na kwamba mwenzake amefanya jambo ovu kupindukia. Khidhri akarudia onyo lake, safari hii akilielekeza kwake waziwazi. Musa akajiwekea mpaka mwenyewe: akiuliza tena, waachane, na udhuru utakuwa wa Khidhri.

Kisha wakafika kwenye mji ambao baadhi ya wafasiri wanasema ni Antakia, na Ibn Sirin akasema ni Ubulla karibu na Basra. Waliomba chakula, wenyeji wakawanyima. Humo wakakuta ukuta umeinama unataka kuanguka, Khidhri akausimamisha. Ziko riwaya kwamba aliupitishia mkono tu ukanyooka, na ziko zinazosema aliubomoa akaujenga upya. Vyovyote vile, Musa aliona kazi imefanywa bure kwa watu waliowanyima hata tonge moja, akasema kwamba mwenzake angetaka angechukua ujira. Hilo likawa la mwisho. Riwaya moja katika Bukhari inayagawa makosa haya matatu kwa ufupi mzuri: la kwanza lilikuwa kusahau, la pili liliweka sharti, la tatu lilikuwa la kukusudia. Yaani penye ukuta Musa alijua anachofanya.

Kabla ya kuagana, Khidhri alieleza. Jahazi lilikuwa mali ya masikini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao alikuwako mfalme anayenyakua kila chombo kizima. Kijana alikuwa na wazazi waumini, na ilihofiwa kuwa angewaburuta kwenye uasi na ukafiri, hivyo ikatakiwa Mola wao awape badala yake aliye bora kwa usafi na mwenye huruma zaidi. Ukuta ulikuwa wa mayatima wawili wa mjini pale. Chini yake mlikuwa na hazina yao, baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola wa Musa alitaka wakue kwanza ndipo waitoe wenyewe. Mwishoni akasema kwamba hakulifanya lolote kati ya hayo kwa amri yake mwenyewe.

Wasomaji makini wa Kiarabu wameona tangu zamani jinsi msemaji anavyobadilika katika maelezo hayo. Kwenye jahazi Khidhri anasema yeye alitaka kulitia kasoro. Kwenye kijana anasema kwa wingi, sisi tulihofu na tulitaka. Kwenye ukuta anasema Mola wako alitaka. Maelezo yaliyozoeleka ni ya adabu: kasoro ya chombo aliibeba mwenyewe asimnasibishe Mungu nayo, na wema wa mayatima akamrudishia Mungu peke yake.

Al-Qurtubi, mfasiri wa Andalusia aliyefia Misri mwaka 1273, ameweka katika tafsiri yake kauli nyingine ambayo wahubiri wanaipenda, na ni rahisi kuona kwa nini. Kila jambo ambalo Musa alilipinga lilikwisha kumpata yeye mwenyewe. Aliyeogopa watu kuzama alikuwa mtoto mchanga aliyelazwa kwenye sanduku na kutupwa mtoni, na sanduku lile ndilo lililomwokoa. Aliyekasirika kwa kuuawa kijana alikuwa amempiga ngumi Mmisri mmoja akafa. Aliyetaka ujira wa ukuta aliwahi kufika kisimani Madyan, mgeni, amechoka, hana chochote, akawanyweshea mifugo mabinti wawili asiowajua bila kuomba malipo. Kauli hiyo haikuja na mlolongo wa wapokezi wenye nguvu, na Al-Qurtubi aliinukuu kama jambo lililosemwa tu. Lakini anayekijua kisa cha Musa chote hawezi kuisoma bila kutabasamu.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Wanasheria hawakuishia hapo, na kwa kweli kazi yao ndiyo inayokifanya kisa hiki kieleweke. Wao waliuliza swali kavu: je, mtu mwingine anaruhusiwa kufanya alichofanya Khidhri? Majibu yao kwa yale matukio matatu hayafanani hata kidogo.

Ukuta ndio mwepesi. Hakuna sheria inayomzuia mtu kumsimamishia mwingine ukuta unaoanguka, awe amelishwa au amenyimwa. Bukhari aliuchukua upande mwingine wa mkasa huu akauweka katika mlango wa kuajiri watu. Kama Musa alisema kuwa ingewezekana kuchukua ujira, basi ni halali mtu kumwajiri fundi amsimamishie ukuta unaotaka kuanguka. Mkataba wa namna hiyo ni wa kazi yenyewe, haupimwi kwa siku wala saa, na fundi hulipwa ukuta ukisimama. Kuhusu hazina, baadhi ya wa mwanzo walisema ilikuwa mbao au kurasa zenye elimu, na wengine, akiwemo Ikrima, wakasema ni mali. At-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, aliegemea mali kwa sababu ndiyo maana ambayo watu huifahamu neno hazina likitajwa bila maelezo. Hoja yake ina mashiko: mayatima waliomo katika mji wa wachoyo wana haja ya kitu kinachoweza kuibwa, na ukuta ungeanguka mapema, kingeibwa.

Jahazi ni gumu zaidi, na linafurahisha zaidi. Kutoboa chombo cha mtu bila idhini yake ni kuharibu mali, na mwenye kuharibu hulipa. Lakini tazama jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa. Masimulizi yanataja ubao uliong'olewa, na riwaya nyingine inasema Khidhri alipigilia kitu kama mambo mahali pale. Wapo waliosema tundu lilizibwa kwa lami. Mfalme alipopita akaliona lina kasoro, akaliacha, nao wenyewe wakalitengeneza wakaendelea kulitumia. Kila anayefahamu vyombo vya mbao anajua maana yake. Ubao mmoja uliotoka ni kazi ya siku chache kwa fundi mwenye misumari, pamba ya kukalafati na mafuta, na wakati huo wote jahazi halimvutii mnyang'anyi. Hasara ilikuwa ya ubao, faida ilikuwa ya chombo kizima na riziki ya wote waliokitegemea.

Kutokana na hapo mwanasheria wa Kishafi Izzuddin bin Abdisalam, aliyefariki mwaka 1262, alifundisha kwamba msimamizi wa mali ya yatima, au wa wakfu, au wa amana, anaweza kuitia mali hiyo kasoro akihofia dhalimu ataipora, ikiwa kasoro hiyo ndiyo itakayoiokoa. Huo ni ukubwa wa ruhusa, na mipaka yake inaonekana ndani ya mfano wenyewe. Tishio lilikuwa la kweli na la karibu. Kasoro ilikuwa ndogo kuliko hasara iliyozuiwa. Tena iliwezekana kurekebishwa. Msimamizi anayeuza nusu ya shamba la yatima kwa madai kwamba huenda siku moja serikali italichukua hapati kinga yoyote kwa Khidhri, kwa sababu huo si ubao mmoja na mfalme haonekani popote.

Jahazi lilizalisha pia mjadala mwingine, wa zaka. Kurani, katika sura ya 9 aya ya 60, inawataja mafukara na masikini kama makundi mawili tofauti ya wanaostahili kupewa zaka. Nani ana hali mbaya zaidi? Mashafi walijibu kwa kunyoosha kidole kwenye jahazi hili: Kurani imewaita wenye chombo masikini, basi masikini ni mtu mwenye kitu kisichomtosha, na fukara ndiye asiye na kitu au mwenye kidogo mno. Mahanafi waligeuza mpangilio huo, na wakajibu kwamba huenda mabaharia waliitwa masikini kwa kuhurumiwa tu, au chombo hakikuwa chao bali walikifanyia kazi. Kwa mkaazi wa pwani yetu, ambako madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyoenea, tofauti hii si ya vitabuni. Mvuvi mwenye ngalawa yake, ambaye anachokivua hakimfikishi mwisho wa mwezi, hanyimwi zaka kwa hoja kwamba ana chombo. Haambiwi auze ngalawa kwanza.

Kijana anabaki, na hapo wanasheria walifunga mlango.

Walijaribu kwanza kuelewa kilichotokea. Neno la Kiarabu lililotumiwa kwa kawaida ni la mvulana ambaye bado hajabaleghe, na hivyo ndivyo wengi walivyofahamu. Wachache, kama al-Kalbi, walisema alikuwa barobaro aliyekwisha kubaleghe na mnyang'anyi wa njiani, maelezo yanayomfanya Khidhri aonekane kama hakimu. Tatizo ni kwamba Kurani haikusema kijana alifanya uovu wowote. Ilisema ilihofiwa atakachowafanyia wazazi wake, na hadithi ya Muslim inasema kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kupigwa muhuri wa ukafiri. Yaani sababu ilikuwa ya mbeleni, na hakuna mahakama ya binadamu inayoweza kuisikiliza.

Swali hilo halikukaa kwenye darsa. Mwishoni mwa karne ya 7 ya Miladi, Najda bin Amir, kiongozi wa kundi la Khawariji huko Yamama, Bara Arabu, alimwandikia Ibn Abbas barua. Khawariji wakali walikuwa tayari kuwaua Waislamu wenzao waliopingana nao, na miongoni mwao walikuwamo walioona hata watoto wa wapinzani wanastahili. Najda aliuliza mambo kadhaa, likiwemo kama Mtume alikuwa akiwaua watoto vitani. Yazid bin Hurmuz, ambaye alikuwapo Ibn Abbas alipoisoma barua na alipoandika jibu, ameihifadhi habari hii, nayo imo katika kitabu cha Muslim, mlango wa jihadi. Ibn Abbas alianza kwa kusema kwamba isingekuwa hofu ya kuficha elimu, asingemjibu mtu yule. Kisha akajibu kwamba Mtume hakuwaua watoto, na Najda pia asiwaue, isipokuwa awe anajua kuhusu mtoto anayetaka kumuua kile ambacho Khidhri alijua kuhusu yule aliyemuua.

Jibu hili linahitaji kusomwa jinsi Ibn Abbas alivyolikusudia. Kwa juu linaonekana kama mwanya. Kwa kweli ni kufuli. Elimu ya Khidhri ilitoka kwa Mungu bila njia ya ushahidi, ya dalili au ya makadirio, na mtu ambaye inambidi aandike barua Makka au Taifu kuuliza hukumu ya kuua watoto ameshathibitisha kwa barua hiyo kwamba hana elimu ya namna hiyo. Ibn Abbas, yule yule aliyemkatalia Nauf asimbadilishe Musa, hakumruhusu Najda ajifanye Khidhri.

Karne kadhaa baadaye hatari ilikuja kutoka upande mwingine. Wapo waliodai kwamba sheria ni ya watu wa kawaida, ama walii mwenye moyo safi huongozwa na ilhamu inayomtosha, na Khidhri ndiye shahidi wao. Abul Abbas al-Qurtubi, mwalimu wa yule mfasiri tuliyemtaja, aliwajibu bila kupepesa kuwa huo ni uzandiki na kuzikana sheria za mitume, na mwanafunzi wake akayaingiza maneno hayo katika tafsiri ya aya hizi hizi. Ibn Taimiya, aliyefia Damasko mwaka 1328, aliongeza hoja ya kimantiki. Musa alitumwa kwa Wana wa Israili peke yao, na Khidhri hakuwa mmoja wao, kwa hiyo hakutoka nje ya sheria ya Musa kwa sababu hakuwahi kuwa ndani yake. Anayeishi baada ya Mtume Muhammad, ambaye kwa imani ya Waislamu alitumwa kwa watu wote, hana nafasi hiyo ya kusimama pembeni.

Kwa sababu hiyo pia wanavyuoni wengi walishikilia kwamba Khidhri alikuwa nabii, ingawa wapo, kama mwanasufi al-Qushairi, waliomhesabu kuwa walii. Mjadala huo unaonekana kama wa heshima tu, kumbe una matokeo. Akiwa nabii, alichokifanya kwa kijana kilikuwa wahyi, na wahyi umekwisha. Akiwa walii, mlango unabaki umeegeshwa, na kila kizazi lazima kimpate mtu wa kuusukuma.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa haraka hulipita. Musa hakuambiwa popote kwamba alikosea kulaani mauaji ya mtoto asiye na hatia. Alilaumiwa kwa kuvunja sharti la kunyamaza. Kwa elimu aliyokuwa nayo, ya dhahiri, kupinga ndiko kulikokuwa wajibu wake, na al-Qurtubi na wenzake wangemwona mwanachuoni mpungufu kama angeuona ubao uking'olewa na mtoto akifa, akatafuta hekima iliyofichika, akakaa kimya. Khidhri alimfunulia siri tatu akaenda zake, wala Kurani haitaji tena habari zake. Hadithi inasema Mtume alitamani Musa angesubiri zaidi ili visa viongezeke. Havikuongezeka, na Taurati aliyokuja nayo Musa kwa watu wake, ile inayokataza kuua, haikubadilishwa hata herufi moja kwa ajili ya safari ile.